Pesa Imerudi, Lakini kwa Tarehe Nyingine na Jina Nisilolijua

*Habari mtaalamu. Tarehe 3 Machi 2025 nililipia oda ya mtandaoni kwa kadi, 48,000. Muuzaji akaifuta oda na kuniambia muamala umegeuzwa, pesa yangu inarudi. Tarehe 21 nimeona 48,000 imeingia kwenye akaunti, lakini maelezo yana jina la kampuni nisiyoijua, na yale malipo ya mwanzo bado yapo palepale. Kama muamala umegeuzwa, mbona tarehe na maelezo havifanani na vya mwanzo? Hii ni pesa yangu kweli, au ni ya mtu mwingine imepotea njia?*

Ndugu yangu, kila dalili inaonyesha kuwa ni pesa yako, na kabla sijamaliza nitakupa njia ya kuhakikisha bila kubahatisha. Ila kwanza tulitazame neno "umegeuzwa", kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi. Ukisikia muamala umegeuzwa, unapata picha ya pesa iliyotoka kwako, ikafika kwa muuzaji, kisha ikarudi kwa njia ileile hadi ilipotoka, na nyayo zake zikafutika. Katika oda yako haikwenda hivyo. Malipo yako yalikwenda, yakafika, yakaisha. Wiki mbili baadaye muuzaji akaanzisha muamala mwingine kabisa wenye kiasi kilekile, safari hii kutoka kwake kuja kwako. Una miamala miwili iliyozaliwa siku mbili tofauti, na kila mmoja umeandikwa na mfumo wake.

Nadhani taarifa yako ya akaunti inaonekana hivi, kwa kukaribia:

```
Imeingizwa  Muamala  Maelezo                         Kiasi
05/03       03/03    JINA LA DUKA *ODA 4417     -48,000.00
21/03       18/03    REFUND KAMPUNI MMILIKI     +48,000.00
```

Tazama safu mbili za tarehe. Benki nyingine huonyesha moja tu, lakini ndani ya mfumo zote mbili zipo. Moja ni siku muamala ulipofanyika, na nyingine ni siku benki yako ilipouandika kwenye leja ya akaunti yako. Hata malipo ya mwanzo hayakuandikwa siku ileile uliyobonyeza. Tarehe 3 benki yako ilitoa idhini tu: iliulizwa kama una 48,000, ikajibu ndiyo, ikaizuia pesa hiyo isitumike kwingine. Pesa yenyewe ilikuwa haijatoka. Muuzaji alikusanya mauzo yake ya siku hiyo kuwa fungu moja, akalipeleka kwa benki yake, benki yake ikalipeleka kwenye mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, na mtandao huo ukaigawia kila benki iliyotoa kadi sehemu yake. Fungu hilo lilipoifikia benki yako ndipo kile kiasi kilichozuiliwa kikawa malipo kamili, yakaandikwa tarehe 5.

Rejesho linapita njia ndefu vilevile, na mara nyingi linachelewa zaidi. Tuchukulie uliambiwa oda imefutwa Ijumaa ya tarehe 14. Kwa wauzaji wengi anayejibu wateja siye anayeruhusu pesa itoke. Mhasibu akaliona ombi Jumatatu ya tarehe 17, akalibonyeza jioni, wakati fungu la siku hiyo limeshafungwa. Likaingia kwenye fungu la tarehe 18, na hiyo ndiyo tarehe ya muamala unayoiona. Benki ya muuzaji ikalishughulikia tarehe 19, mtandao wa kadi ukalipitisha, na benki yako ikaliandika Ijumaa ya tarehe 21. Siku zenyewe kwako zinaweza kuwa zimepishana na mfano wangu, lakini hatua ni hizihizi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa tarehe 3. Kwa mifumo hii yote, tarehe 3 Machi ni siku ya mauzo, na mauzo hayo yalishakamilika.

Pengine unajiuliza kwa nini benki isingeirudia tu ile tarehe 3, ikafuta mstari wa malipo, mambo yakaisha. Nimekaa miaka kwenye dawati la usuluhishi wa hesabu, kazi ya kulinganisha leja ya benki na mafaili ya mtandao wa kadi mstari kwa mstari, na swali hili wateja waliniuliza mara nyingi. Jibu liko kwenye namna leja inavyotunzwa. Mstari ukishaandikwa, haufutwi. Kama kuna kosa au mabadiliko, unaandikwa mstari mwingine wa kuupinga, wenye tarehe ya siku unapoandikwa. Wahasibu walifanya hivyo tangu enzi za kalamu na wino, na kompyuta zimeendelea nao kwa sababu ya msingi kabisa: salio la kila siku limejengwa juu ya mistari ya siku hiyo na ya siku zilizotangulia.

Chukua akaunti yako. Jioni ya tarehe 5 ilikuwa pungufu kwa 48,000, na ikabaki hivyo hadi tarehe 21. Kama akaunti inapata riba, riba ya siku hizo imekokotolewa juu ya salio hilo dogo. Kama katikati ya siku hizo malipo yako mengine yalikataliwa kwa kukosa salio, yalikataliwa kwa haki kulingana na pesa iliyokuwepo. Huenda ulichapisha taarifa ya akaunti tarehe 10 ukampelekea mtu mwingine. Benki ikifuta mstari wa tarehe 5 leo, taarifa uliyoitoa inakuwa uongo, riba inakosa maelezo, na malipo yaliyokataliwa yanaonekana kama yalikataliwa bila sababu. Tena muuzaji naye ana leja yake, na benki yake vilevile. Kwao siku hizo 48,000 ilikuwa ndani. Kuirudisha tarehe nyuma upande mmoja kungefanya leja zisilingane, na pesa isiyolingana ndiyo inayotunyima usingizi sisi wa usuluhishi.

Lakini ipo tarehe ya tatu, ambayo mteja ni nadra kuiona: tarehe ya thamani, yaani siku ambayo pesa inahesabiwa kuwa yako kwa ajili ya riba. Hiyo inaweza kurudishwa nyuma bila kuvuruga leja. Kosa likiwa la benki, kwa mfano imekukata mara mbili, mstari wa marekebisho utaandikwa leo lakini thamani yake ikawekwa siku ya makato, ili usipoteze riba. Katika nchi za Umoja wa Ulaya jambo hili limewekwa kwenye sheria. Agizo la huduma za malipo namba 2015/2366, kifungu cha 73, linataka malipo ambayo mteja hakuyaidhinisha yarejeshwe kwa tarehe ya thamani isiyochelewa kupita siku pesa ilipokatwa. Oda yako haimo humo, kwa sababu malipo uliyaidhinisha mwenyewe na muuzaji ameyarudisha kwa mapatano. Nakutajia ili ujue kwamba pale haki inapodai pesa ihesabiwe kana kwamba haikutoka, tarehe ya thamani ndiyo hurudishwa nyuma, na tarehe ya kuandikwa inabaki ile ya kweli.

Sasa tuje kwenye jina, ambalo naona ndilo lililokutia wasiwasi zaidi.

Maelezo unayoyasoma kwenye taarifa hayaandikwi na benki yako. Yanakuja ndani ya ujumbe wa muamala. Miamala ya kadi husafiri kwa mpangilio wa ISO 8583, ambao ni kama fomu yenye visanduku vyenye namba, na kila kisanduku kina kazi yake. Cha 43 ndicho chenye jina na mahali pa muuzaji. Kina nafasi 40 tu kwa jumla, na katika matumizi ya kawaida 25 ni za jina, 13 za mji na 2 za alama ya nchi. Jina refu linakatwa pale nafasi zinapoisha, hata kama ni katikati ya neno. Benki yako inapokea kilichomo na kukionyesha, labda ikiongeza neno mbele yake, kama `REFUND`, `REV` au `CR`.

Hebu fikiria ni nani alijaza kisanduku hicho tarehe 3, na ni nani alikijaza tarehe 18. Ulipolipa, ukurasa wa malipo wa duka ndio ulioandika. Wauzaji wa mtandaoni mara nyingi huruhusiwa kutunga maelezo kwa kila mauzo, ndiyo maana ukaona jina la duka unalolifahamu, alama ya nyota na namba ya oda. Rejesho halikuanzia kwenye ukurasa ule. Lilitoka kwenye mfumo wa uhasibu, au kwenye ukurasa wa usimamizi ambao kampuni inayomchakatia muuzaji malipo imempa. Huko kunatumika jina lililosajiliwa kwenye mkataba na benki, na hilo mara nyingi ni jina la kampuni inayomiliki duka. Kampuni moja inaweza kuwa na maduka matatu yenye majina matatu, na marejesho yote yakatoka kwa jina la kampuni mama. Wakati mwingine hata jina la kampuni halipo, linaonekana la mchakataji wa malipo peke yake. Namba ya oda, ambayo ingekusaidia kuliko chochote, inadondoka njiani kwa sababu mfumo wa marejesho haukupangwa kuibeba.

Jina linaweza kubadilika hata kwa malipo yaleyale, kabla ya rejesho lolote. Mstari unaouona siku ya kwanza, ukiwa bado unasubiri, umejengwa kutoka kwenye ujumbe wa idhini. Siku mbili baadaye, malipo yanapokamilika, mstari unajengwa upya kutoka kwenye ujumbe wa fungu la mauzo, na hizo jumbe mbili huenda ziliandikwa na mifumo miwili. Watu wengi hawatambui, kwa sababu mstari wa kwanza unatoweka pale wa pili unapochukua nafasi yake.

Ndani ya ujumbe kuna alama nyingine inayoeleza vizuri kuliko jina. Kisanduku cha 3 kina tarakimu zinazotaja aina ya muamala: mauzo ya bidhaa huanza na `00`, na urejeshaji huanza na `20`. Kwa mfumo, basi, rejesho lako ni aina yake yenyewe ya muamala, lenye namba zake za rejea, na halifungamani na malipo ya tarehe 3 kwa nguvu ambayo mtu angetarajia. Ndiyo maana programu ya simu ya benki moja inaweza kukuchorea rejesho chini ya malipo yake, na ya benki nyingine ikakuonyesha mistari miwili isiyojuana. Ile ya kwanza imefanya kazi ya ziada ya kukisia uhusiano kwa kiasi na muuzaji. Kwenye leja, zote mbili zina mistari miwili.

Nilisema mwanzoni kwamba kwako muamala haukugeuzwa. Kugeuza kwa maana halisi kupo, na ni vizuri ukijue, kwa sababu kunaleta wasiwasi wa aina nyingine. Muuzaji akifuta mauzo mapema, kabla ya kupeleka fungu lake, pesa inakuwa haijatoka kwako. Imezuiliwa tu. Hapo mfumo wake unatuma ujumbe wa kugeuza idhini, wenye namba ya aina `0400` au `0420`, na benki yako inaachia kile kiasi. Hutaona mstari wowote wa pesa kuingia. Utakachoona ni kwamba malipo yaliyokuwa yanasubiri yametoweka na salio la kutumia limepanda. Asiyejua jambo hili hukaa anasubiri 48,000 iingie, siku zinakatika, hasira zinapanda, kumbe pesa yake ilishaachiwa siku ya pili. Dalili yake ni rahisi: tafuta malipo ya mwanzo kwenye taarifa ya mwezi iliyokamilika. Kama hayamo, hayakuwahi kukatwa, na hakuna cha kurudishwa. Kwako yamo, tena yana tarehe ya kuingizwa, kwa hiyo rejesho lilikuwa lazima lije kama mstari mpya.

Muuzaji akisahau kutuma ujumbe huo wa kugeuza, pesa inabaki imezuiliwa hadi muda wa idhini uishe wenyewe. Kwa manunuzi ya kawaida ni siku chache. Kwa hoteli na magari ya kukodi zinaweza kukaribia mwezi, kwani biashara hizo huomba idhini kubwa mapema na kujua kiasi kamili mwishoni.

Kwa wanaotuma pesa kutoka akaunti moja kwenda nyingine bila kadi, sababu ni hiyohiyo ingawa sura inabadilika. Ukituma kwa akaunti iliyofungwa, benki ya mpokeaji haiwezi kuuzuia ujumbe wako ulioshafika. Inatuma ujumbe mpya wa kurudisha. Katika mpangilio wa ISO 20022, malipo huenda kwa ujumbe unaoitwa `pacs.008` na kurudi kwa `pacs.004`, wenye tarehe yake, namba yake, na alama ya sababu. `AC04` maana yake akaunti imefungwa, `AC01` namba ya akaunti si sahihi. Mrejeshaji hapa ni benki, kwa hiyo usishangae kukuta jina la benki mahali ulipotegemea jina la mtu uliyemtumia. Lakini `pacs.004` ina jambo zuri ambalo ujumbe wa kadi mara nyingi unalikosa: ndani yake kuna sehemu maalumu ya kubeba namba za malipo ya mwanzo. Ukiiomba benki yako ikusomee rejea ya awali, uhusiano unapatikana papo hapo.

Kuna mambo mawili yanayoharibika hapa mara kwa mara, nayo yanakuhusu.

La kwanza ni kupinga malipo wakati rejesho liko njiani, au limeshaingia kwa jina usilolijua. Nakumbuka mteja mmoja aliyefika akiwa na karatasi zake zote, mtu makini. Muuzaji alikuwa ameshamrudishia, lakini kwa jina la kampuni mama, naye akaliona kama pesa ya mtu mwingine. Akajaza fomu ya kupinga yale malipo ya awali. Benki ikamwekea kiasi hicho kwa muda huku ikidai kwa benki ya muuzaji. Sasa akawa na rejesho mara mbili, yote mawili yakiwa na maelezo asiyoyaelewa. Wiki kadhaa baadaye muuzaji akaleta ushahidi kwamba alishalipa, na benki ikaiondoa ile pesa ya muda. Yeye akaona makato mapya, ya tarehe mpya, yenye maelezo mapya, na kwa haki kabisa akadhani anaibiwa. Tulikaa naye karibu asubuhi nzima tukipanga mistari minne kwenye karatasi, malipo moja, marejesho mawili, makato moja, hadi akaona kwamba jumla yake ni sifuri kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema kwamba lile jina geni ni la duka lake.

La pili ni kwa wenye kadi ya mkopo. Rejesho likiangukia mzunguko wa mwezi unaofuata, ankara ya mwezi uliopita haibadiliki. Benki nyingi hazihesabu rejesho kuwa ni malipo yako ya kiwango cha chini cha mwezi. Mtu anaona pesa imerudi, anaacha kulipa, kisha anatozwa faini ya kuchelewa. Lipa unachodaiwa kwenye ankara iliyokwishatoka, na rejesho litapunguza inayofuata.

Kiasi nacho kinaweza kutofautiana. Kwako kimelingana kwa sababu hakukuwa na kubadilisha fedha. Ungekuwa umelipa kwa fedha ya kigeni, malipo yangebadilishwa kwa kiwango cha siku yake na rejesho kwa kiwango cha siku yake, na pengo la wiki mbili linaweza kukupa pungufu au ziada. Muuzaji anakuwa amerudisha kamili kwa fedha yake. Hapo mtu akitafuta mstari wenye kiasi kilekile hataupata, na atashikilia kuwa hajarudishiwa. Vivyo hivyo oda ya vitu vitatu vilivyotoka ghala tofauti inaweza kurejeshwa kwa mistari mitatu, siku tatu.

Sasa namna ya kuhakikisha. Usianze na jina wala tarehe, hivyo umeshaona havitegemeki. Anza na namba ya rejea ya benki ya muuzaji, ambayo kwenye skrini za watu wa kadi huandikwa `ARN`. Ina tarakimu 23, na kila muamala uliopitia mtandao wa kadi una ya kwake. Rejesho lina yake, na malipo ya mwanzo yana yake, hazifanani. Mwandikie muuzaji hivi: "Naomba ARN ya rejesho la oda namba 4417, si ya malipo." Maneno hayo matatu ya mwisho usiyaache, kwani wahudumu wengi huchukua namba ya kwanza wanayoiona kwenye faili, nayo ni ya malipo, kisha benki inakwambia haioni rejesho lolote kwa namba hiyo.

Ukiipata, unaweza kuipima mwenyewe hata kabla ya kupiga simu benki. Imepangwa hivi:

```
7 400000 5078 xxxxxxxxxxx x
```

Tarakimu ya kwanza ni ya mpangilio. Sita zinazofuata zinaitambulisha benki ya muuzaji. Nne baada ya hapo, yaani ya 8 hadi ya 11, ni tarehe: tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha siku ya ngapi ya mwaka huo. Kumi na moja ni za mfuatano, na moja ya mwisho ni ya kukagua kama namba imeandikwa sawasawa. Kwenye mfano wangu `5078` ni mwaka unaoishia na 5, siku ya 78. Januari siku 31, Februari 28, jumla 59, ongeza 19: ni tarehe 19 Machi 2025, siku ambayo katika mfano benki ya muuzaji ilishughulikia rejesho. Malipo yako ya tarehe 3, kama yalishughulikiwa kesho yake, yangesomeka `5063`. Kwa hiyo muuzaji akikutumia namba yenye `5063` au karibu na hapo, amekupa ya malipo, mrudie. Akikupa yenye `5077`, `5078` au `5079`, hiyo ndiyo ya rejesho, na inaendana na pesa iliyoandikwa kwako tarehe 21.

Ipeleke namba hiyo benki yako, waulize kama ndiyo iliyo kwenye mstari wa tarehe 21. Hawahitaji uchunguzi, ni kuitafuta tu. Waulize pia muamala umekuja kwa tarakimu nne za mwisho za kadi ipi. Kama ulibadilishiwa kadi kati ya malipo na rejesho, inaweza kuonekana ile ya zamani, na bado ni yako, kwa sababu benki huunganisha kadi ya zamani na akaunti ileile.

Wakati unasubiri majibu, angalia chini kabisa ya risiti au ya barua pepe ya kuthibitisha oda, pale penye maandishi madogo. Jina la kampuni iliyosajiliwa kwa kawaida huwa hapo, na sitashangaa likiwa lilelile uliloliona kwenye akaunti, labda limekatwa mwishoni baada ya herufi ya 25. Na fomu ya kupinga malipo, kama ulishaichukua, iweke kando hadi namba hiyo ijibiwe. Benki ikisema `ARN` uliyopewa haipo kwenye akaunti yako, hapo ndipo utaijaza, ukiambatanisha ujumbe wa muuzaji unaokiri kwamba alifuta oda.